Mkutano wa kesho asubuhi umesukumwa mchana, na wengine wanapanda basi usiku huu. Niwaambieje?

MamaYadi (Alhamisi, 11:14 jioni)
Jamani habari za jioni. Mimi ni karani wa ofisi kwa kampuni moja ya malori hapa Nakawa, Kampala. Tuna watu 34, wengi wako yadi na garage, wengine mipakani Malaba, Mpondwe na Elegu, halafu kuna maajenti wawili ng'ambo ya mpaka, mmoja Kasindi mmoja Nimule, ambao wanaingia kwa simu tu. Kesho Ijumaa tarehe 22 tulikuwa na mkutano wa wote saa tatu asubuhi, mambo ya bima ya mizigo. Sasa yule mtu wa bima anatua Entebbe kesho saa nne, basi bosi ameamua mkutano uende mchana saa nane na nusu. Ameniambia nusu saa iliyopita huku anavaa koti anaenda zake.

Tangazo la kwanza niliposti Jumatatu asubuhi kama picha kwa grupu la yadi na la madereva. Sasa hivi nimeandika hivi, naomba mniangalizie kabla sijatuma:

"Habari za jioni wapendwa wafanyakazi 🙏 Kutokana na sababu zisizozuilika, uongozi unapenda kuwataarifu kwamba ule mkutano wetu uliokuwa umepangwa kufanyika kesho umeahirishwa na sasa utafanyika saa 8:30. Tunaomba radhi kwa usumbufu wote. Asanteni kwa ushirikiano wenu 🙏"

FundiMtandao (11:22 jioni)
Dada siku hizi nani anaandika barua ndefu hivyo. Fungua kalenda ya Google, lile tukio la mkutano ulisukume hadi mchana, bonyeza kuwatumia wote taarifa, kwisha. Simu ya kila mtu itamwamsha yenyewe, na hata wale wa Kasindi itawaonyesha saa yao ya kule bila wewe kupiga hesabu. Usifute tukio ukatengeneza jipya, watu watapata taarifa ya kufutwa wafikiri mkutano haupo kabisa.

MamaYadi (11:25 jioni)
Kalenda tunayo watu sita wa ofisini, hao nimeshawasogezea. Wa garage nusu wana simu ndogo za katochi ssebo, kalenda gani?

DispachaMstaafu (11:31 jioni)
Nyabo usitume hiyo. Mimi nimepanga magari na watu miaka mingi, sikiliza mzee.

Kwanza achana na ujumbe kidogo, chukua karatasi. Andika majina, na mbele ya kila jina andika saa ambayo huyo mtu anatoka kwake kuja mkutanoni. Sio saa ya mkutano, saa ya KUTOKA. Wa Elegu ana zaidi ya kilomita mia nne mbele yake, kuwa Nakawa saa tatu asubuhi lazima apande basi leo usiku. Wa Mpondwe vilevile. Wa Malaba wanaweza kulala kidogo waondoke saa tisa au kumi za usiku. Wa Mukono na Bweyogerere wanatoka saa kumi na mbili na nusu kwa sababu ya jam ya Jinja Road. Anayekaa Kinawataka hapo anatoka saa mbili na robo. Basi hizo ndizo dedlaini zako. Wewe unafikiri una hadi kesho saa tatu, lakini kwa mtu wa Elegu umebaki na masaa mawili pengine.

Ukishapanga hivyo unapiga simu kuanzia juu. Makosa ninayoona kila siku ni karani kuanza na mameneja kwa sababu ndio wakubwa, na meneja anakaa Bugolobi, hata ukimwambia kesho saa moja asubuhi hajapoteza kitu, huku dereva ameshakata tiketi.

Ujumbe tutaurekebisha, anza simu za mpakani sasa hivi.

MamaYadi (11:34 jioni)
Kale mzee naanza. Elegu watu wawili, Mpondwe mmoja, Malaba wanne.

MwanaSacco (11:40 jioni)
Lakini huyo bosi ana ruhusa gani kuhamisha mkutano kwa notisi ya jioni moja? Sisi kwenye SACCO yetu ukitaka kubadilisha tarehe ya mkutano mkuu inabidi notisi itolewe siku nyingi kabla na ibandikwe, la sivyo wanachama wanaweza kukataa maamuzi yote. Wafanyakazi wagome.

BomboKijana (11:44 jioni)
Mzee wa SACCO huo ni mkutano mkuu wa wanachama, huyu dada anaongelea kikao cha kazi, bosi anakiita akitaka na anakisogeza akitaka. Hakuna kupiga kura hapo.

Mimi nina swali lingine. Kesho ni Ijumaa, yadi za Nakawa zina Waislamu wengi. Mmeangalia swala? Kwa misikiti mingi hapo swala inaisha kama saa nane kasoro hivi. Nane na nusu inafaa kwa anayeswali karibu na yadi, ila kuna vijana wanapenda kwenda mpaka msikiti wa Old Kampala, na kurudi kutoka kule Ijumaa mchana na ile jam… mtu hafiki nane na nusu hata kwa boda. Waambie mapema waswali karibu, hilo tu. Saa ni nzuri, ingekuwa saa saba ingekuwa vita.

MamaYadi (11:58 jioni)
Asante sana hilo sikulifikiria, nitawaambia wa garage.

Ripoti: Malaba wote wamepokea. Mpondwe amepokea, alikuwa hajatoka. Elegu mmoja amepokea, mwingine simu imezimwa. Na sasa kuna jambo jipya banange, bosi mwenyewe ameingia kwa grupu la yadi na kuandika maneno matano tu: "Mkutano wa kesho ni 2.30". Watu wameshaanza kuweka dole gumba.

BomboKijana (12:01 jioni)
Yesu na Maria 😂 mbili na nusu ya asubuhi au ya mchana?

DispachaMstaafu (12:09 jioni)
Hapo ndipo moto ulipo, kuliko hata wale walioko njiani. Bosi anawaza kwa saa ya Kizungu, 2.30 yake ni nane na nusu ya mchana. Fundi wa garage akisoma 2.30 anasoma saa mbili na nusu ASUBUHI, kwa sababu kwa Kiswahili na kwa Kiganda pia tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Na ubaya wake ni kwamba inaingia akilini vizuri kabisa. Mkutano ulikuwa saa tatu, sasa ni mbili na nusu, atafikiri umewahishwa kwa nusu saa na atakuja mapema zaidi! Ingekuwa saa ya ajabu kama kumi usiku mtu angeuliza. Hii hakuna atakayeuliza.

Na ile ya kwako ya "saa 8:30" bila neno mchana ina ugonjwa uleule kinyume chake, wale wa ofisini waliozoea barua za Kiingereza wataona saa mbili na nusu asubuhi. Kwa hiyo kundi zima linaweza kufika asubuhi kwa njia mbili tofauti.

Andika mara mbili kwa pamoja: saa nane na nusu MCHANA, halafu 14:30. Hiyo 14:30 haina ndugu wa asubuhi, hata mbishi hawezi kuisoma vingine.

FundiMtandao (12:15 jioni)
Kama wewe ni admin wa grupu unaweza kuufuta ule wa bosi kwa wote, WhatsApp inaruhusu admin kufuta ujumbe wa mtu mwingine. Futa, weka wako, u-pin juu kwa masaa 24.

MwalimuTororo (12:18 jioni)
Afute ujumbe wa bosi?? Wewe unamtakia mema huyu dada kweli?

Kwetu shuleni mwalimu mkuu alituma kikao cha staffu vibaya hivyohivyo, katibu akaufuta kwa nia njema, mwalimu mkuu akasema amedharauliwa mbele ya walimu, ikawa kesi wiki nzima. Dada mjibu bosi kwa heshima, uuguse ule ujumbe wake uandike chini yake "Asante bosi, yaani saa nane na nusu mchana, 14:30". Watu wanaona wewe unamfafanulia, sio unamsahihisha.

FundiMtandao (12:21 jioni)
Sawa lakini yule anayesoma wa bosi tu akafunga simu hataona huo ufafanuzi. Ujumbe mbaya ukibaki unaendelea kufanya kazi. Mimi bado nasema ufutwe, ampigie bosi amwombe aufute mwenyewe basi.

MamaYadi (12:26 jioni)
Nimempigia hapokei, yuko njiani kwenda Entebbe Road huko na simu yake iko kwa begi. Nimefanya ya Mwalimu kwanza. Ile picha ya Jumatatu yenye saa tatu nayo nimetaka kuifuta imekataa.

FundiMtandao (12:29 jioni)
Itakataa, kufuta kwa wote ni ndani ya siku mbili na nusu hivi, Jumatatu imeshapita. Na kuedit ni dakika 15 tu, tena picha huwezi kubadilisha kilichoandikwa ndani. Ijibu hiyo picha yenyewe, u-quote, ili mtu akigusa jibu aone ya zamani na mpya pamoja. Halafu angalia nani amesoma, bonyeza ujumbe wako uone taarifa zake, wale wenye tiki za bluu wameshajua hao achana nao. Tatizo wengine wamezima tiki za bluu hutawaona.

BomboKijana (12:33 jioni)
Hapo umechanganya kidogo kaka, kuzima tiki za bluu kunafanya kazi kwa chati ya watu wawili, kwa grupu bado inaonyesha aliyesoma.

DispachaMstaafu (12:40 jioni)
Na hata akiwa amesoma hajajua. Macho yamepita juu ya maneno, huo ndio uhakika unaoupata kwa tiki. Mimi nikipiga simu siulizi "umeelewa?", kila mtu anasema ndio. Nauliza "kwa hiyo kesho unafika saa ngapi?" nanyamaza. Akisema mwenyewe saa nane na nusu mchana, naweka alama kwa karatasi. Akisema "ile ya bosi" naanza upya.

Grupuni usiombe watu wajibu "sawa". Watu thelathini wakiandika sawa, noted, na vidole, tangazo lako linapanda juu halionekani, na yule anayefungua saa nne usiku anakuta orodha ya sawa hajui sawa ya nini.

Sasa ujumbe. Wa kwako una maneno zaidi ya ishirini kabla ya kufika kwenye saa. Simu ikiwa imefungwa inaonyesha mstari mmoja au miwili ya mwanzo, kwa hiyo mtu akiitupia jicho anaona "Habari za jioni wapendwa wafanyakazi kutokana na sababu" anarudisha simu mfukoni. Kitu kilichobadilika kiwe cha kwanza. Samahani na asante weka mwisho au uache, watakusamehe. Na uitaje saa ya zamani kwa jina kwamba imekufa, sio kusema umeahirishwa tu, maana wengine watajua umeenda wiki ijayo wasije kabisa.

Kwa wale wa katochi na wale ambao bando lao la siku limeisha, tuma SMS ya kawaida, kupokea ni bure. Nimekuandikia:

"SAA IMEBADILIKA: mkutano wa Ijumaa 22/8 si saa 3 asubuhi tena, ni SAA 8:30 MCHANA (14:30 Kampala), yadi ya Nakawa. Ukiwa njiani piga 07xxxxxxxx"

Haifiki herufi 160 kwa hiyo inaenda kama SMS moja. Usiweke 🙏 ndani, ukiweka emoji hata moja nafasi inashuka hadi herufi 70, inakatwa vipande, unalipa mara tatu na kwa simu zingine za zamani inafika ikiwa na viboksi.

MwalimuTororo (12:47 jioni)
Mzee hii naiiba. Lakini kwa nini "Kampala", si wote tuko Uganda?

DispachaMstaafu (12:52 jioni)
Ana mtu Kasindi, kule Kongo ya mashariki wako nyuma yetu saa moja. Nimule pia, Sudan Kusini walirudisha saa yao nyuma Februari 2021, zamani tulikuwa sawa, na hadi leo wapo wanaofikiri bado ni sawa. Kwa hao wawili nane na nusu yetu ni saba na nusu yao, 13:30. Ukiwapigia wape saa yao moja kwa moja, usiwape hesabu ya kutoa.

Na huyu wa Mpondwe upande wetu awe makini, simu kule zinashika mnara wa Kongo na saa ikiwa imewekwa ijibadilishe yenyewe inaruka. Kwake haina shida sana kwa sababu anasafiri, ila alamu ya asubuhi itamchelewesha saa nzima.

MamaYadi (1:20 usiku)
SMS zimekwenda zote kwa ule mfumo wa kutuma kwa wingi, jina la kampuni linaonekana juu. Bosi amepiga, ameufuta ule wa kwake mwenyewe na hakukasirika, ameuliza tu "kwani walikuwa wataelewa nini?" 😂. Mmoja wa Elegu bado simu haipatikani.

FundiMtandao (1:24 usiku)
Vizuri uliweka namba ndani ya ujumbe, SMS yenye jina la kampuni mtu hawezi kuijibu.

DispachaMstaafu (1:31 usiku)
Huyo wa Elegu acha kupiga yeye, piga mtu aliye karibu naye. Mwenzake uliyempata anaweza kutembea mpaka anapolala? Na kama wamezoea kampuni moja ya basi, kuna stej, kuna wakala wa tiketi.

Halafu askari wa geti! Kila mtu anamsahau. Mtu akija saa mbili asubuhi wa kwanza kumwona ni askari, na kama wa zamu ya asubuhi hajaambiwa atamwambia "ingia kaa hapo, mkutano ni saa tatu". Andika karatasi kubwa ubandike getini leo kabla hujatoka, na wa zamu ya usiku amwachie wa asubuhi kwa mdomo pia. Mpishi umemwambia?

MamaYadi (1:36 usiku)
Uuui mama wa chai na chapati! Nampigia.

MamaYadi (Ijumaa, 11:50 jioni)
Narudi na matokeo wapendwa. Mkutano ulianza saa tisa kasorobo kwa sababu ya mtu wa bima mwenyewe, sio watu wetu. Waliokuja asubuhi ni watatu. Wawili wa garage waliona 2.30 ya bosi kabla haijafutwa, wakaweka simu chaji wakalala, lakini hao kazi yao ni hapahapa wakaingia tu kazini. Wa tatu ni yule wa Elegu. Alipanda basi jana saa kumi na mbili jioni, simu ilikuwa imeisha moto, mwenzake alipofika kwake akakuta ameshaondoka. Askari alimpokea na kumwonyesha karatasi, akalala kwenye kochi la ofisi hadi saa saba. Kasindi na Nimule waliingia kwa simu kwa wakati.

Sasa huyu wa Elegu anadai pesa ya kulala leo, maana mkutano ungekuwa asubuhi angerudi na basi ya mchana. Mhasibu anasema bajeti ni nauli tu.

MwanaSacco (12:05 jioni)
Alipwe! Si nilisema mambo ya notisi.

MwalimuTororo (12:11 jioni)
Alipwe ndio, lakini yule mwenzake na wa Mpondwe nao basi, maana hao pia hawawezi kurudi usiku huu. Ukimlipa mmoja kwa sababu simu yake ilizimika unazawadia kuzima simu.

DispachaMstaafu (12:19 jioni)
Mwalimu ana hoja. Sisi tulikuwa na kanuni kwamba anayebadilisha saa ndiye anayesaini vocha ya malazi, na hela inatoka kwa idara yake, sio kwa karani. Sijui kwenu kama mhasibu atakubali. Mpelekee bosi majina ya wote watatu kwa pamoja leo kabla hajavaa koti.

MamaYadi (12:22 jioni)
Ameshavaa. Namkimbilia parking.